Picha ya bahasha za dawa za mama: 2x2, 1/12, halafu 60. Hizi ni za siku ngapi?

Kijana wa Barabara ya 12
Wakuu, habari za Jumapili. Mama yuko Tanga, Ngamiani, mimi kwa sasa niko Mwanza kikazi. Ana sukari na presha. Dawa alichukua Ijumaa tarehe 3 Oktoba. Ya sukari alianza kumeza jioni ile ile, ya presha akaanza asubuhi ya tarehe 4. Leo tarehe 12 nimemwomba mtoto wa jirani azipige picha bahasha zote mbili, maana nataka kujua hela ya dawa niitume lini. Tarehe ya kurudi kliniki ni 31.

Picha hiyo hapo. Kwa ambao haifunguki, mimi naisoma hivi:

```
Metformin 500mg   2x2   1/12   60
Amlodipine 10mg   1/2 OD   15
```

Ile 2 ya mwanzo kwenye metfomini imepigwa na mwanga wa simu, sina uhakika nayo. Mama mwenyewe maandishi madogo hayaoni. Vidonge vitaisha lini?

Hesabu Tupu
Rahisi hiyo. Vidonge 60, mara 2 kwa siku, 60 gawanya kwa 2 ni siku 30. Zinafika mpaka kliniki na chenji inabaki. Lala salama.

Mgosi wa Pongwe
Hesabu Tupu kweli tupu. Imeandikwa 2x2, wewe umegawa kwa mbili moja, nyingine umempa nani?

Kaunta ya Dawa
Mgosi yuko sahihi. Kwenye bahasha zetu namba ya kwanza ni vidonge kwa mkupuo mmoja, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Unazizidisha kwanza, ndipo unagawa. 2x2 ni vidonge vinne kwa siku, na 60 kwa vinne ni siku 15. Ingekuwa 1x2 ndiyo siku 30.

Kwa hiyo hiyo tarakimu moja iliyopigwa na mwanga ndiyo kesi nzima. Alianza jioni ya tarehe 3. Kama ni 2x2, kidonge cha mwisho anakimeza asubuhi ya tarehe 18. Kama ni 1x2, anafika asubuhi ya tarehe 2 Novemba. Tofauti ni wiki mbili.

Mzee Nahodha
Vijana mnapuuza kilichoandikwa wazi. 1/12 maana yake kidonge kimoja kila baada ya saa kumi na mbili. Basi ni 1x2. Mama ameze saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, biashara imeisha.

Kaunta ya Dawa
Shikamoo mzee. Hapana, hiyo ni muda wa dozi nzima. Chini ya mstari ukiona 7 ni siku, ukiona 52 ni wiki, ukiona 12 ni miezi. Antibayotiki ya siku tano utaikuta 5/7, wiki mbili ni 2/52. Hapa 1/12 ni mwezi mmoja. Haisemi chochote kuhusu saa za kumeza.

Mzee Nahodha
Marahaba. Lakini kila saa kumi na mbili na mara mbili kwa siku si kitu kimoja? Nimefika bandarini ingawa kwa njia nyingine.

Mgosi wa Pongwe
Mzee umefika bandarini kwa jahazi la mtu mwingine 😂

Nimeuliza Tu
Mbona mnamchanganya? Dozi ni vinne asubuhi vinne jioni siku tatu, vidonge 24, ukimaliza umepona. Mimi mwezi uliopita nimemeza hivyo hivyo na boksi lilikuwa na picha za jua na mwezi.

Kaunta ya Dawa
Hiyo ni mseto ya malaria ndugu yangu, na kwa mtu mzima umeisema sawasawa. Mama wa mwenzetu ana sukari. Dawa yake haina kumaliza.

Nimeuliza Tu
Ooh. Nimeona "vidonge vinne" nikaruka. Poleni.

Fundi Picha
Hebu tuliangalie lenyewe tatizo, picha. Nimeivuta mpaka mwisho. Hiyo 2 ya kwanza juu imefutwa na mwanga, kinachobaki ni mguu wa chini wenye kamstari kalikolala. Mguu wa namna hiyo unaweza kuwa wa 2, lakini kuna watu wanaandika 1 yenye kofia na kiatu. Linganisha na 1 ya kwenye 1/12, mkono ni ule ule. Hiyo haina kiatu. Kwa hiyo mimi nasema ni 2.

Ila ukituma picha Watsapu inakamuliwa, kingo za herufi zinayeyuka. Mwambie kijana aitume kama faili, siyo kama picha. Azime taa ya simu, aende mlangoni kwenye mwanga wa nje, bahasha ailaze juu ya meza na simu aishike sambamba nayo. Kama ni ya nailoni aipinde kidogo mpaka mng'ao uhame. Na asikate juu, hapo kwenu jina na tarehe vimeachwa nje kabisa.

Shangazi Chumbageni
Mwanangu, pole na mama. Mimi nina presha huu mwaka wa ngapi sijui. Bahasha zangu wanachora vijiti, kijiti kimoja asubuhi kijiti kimoja jioni, wala sisomi. Lakini hiyo 60 mnaing'ang'ania ya nini? Si kwenye bahasha kuna mahali pa umri? Labda mama yako ana miaka 60.

Kijana wa Barabara ya 12
Shikamoo shangazi. Mama ana 63. Na 15 ya kwenye presha basi itakuwa umri wa nani?

Shangazi Chumbageni
Marahaba. Haya, nimenyamaza.

Hesabu Tupu
Shangazi asinyamaze, ametufungua macho. Bahasha inajipinga yenyewe. 2x2 kwa mwezi wa siku 30 ni vidonge 120. Imeandikwa 60. Kwa hiyo kati ya vitu vitatu, 2x2, 1/12 na 60, kimoja ni uongo. Na kwa kuwa 1x2 kwa mwezi ni 60 kamili, na tarehe ya kurudi 31 inaangukia ndani yake, mimi narudi pale pale: ni 1x2, siku 30. Fundi amesoma vibaya.

Kaunta ya Dawa
Hoja yako nzuri, ila haijafunga mlango. Nakaa nyuma ya kaunta, nakwambia yanayotokea. Kwanza, dirisha la dawa likiwa na akiba ndogo mgonjwa anapewa nusu na kuambiwa arudi baada ya wiki mbili kuchukua zilizobaki. Muda wa dozi unaandikwa mwezi kama cheti kinavyosema, hesabu inaandikwa ya alichopewa. Hapo 2x2, 1/12 na 60 zote ni kweli. Pili, vidonge 120 vya metfomini haviingii kwenye bahasha moja ndogo. Tunagawa mbili, kila moja inaandikwa 60. Hapo pia zote ni kweli. Kijana, muulize mama kama kuna bahasha nyingine imebaki kwenye mkoba.

Na vinne vya 500 kwa siku ni gramu mbili, dozi inayoandikwa sana tu. Metfomini hupandishwa taratibu. Huenda Ijumaa ile ndiyo wamempandisha.

Mgosi wa Pongwe
Mimi nawashangaa. Watu kumi tunakodolea picha, na mama yupo na bahasha mkononi. Ahesabu vidonge!

Kaunta ya Dawa
Mgosi leo umeamka na akili. Bahasha inasema kilichotoka dirishani tarehe 3. Kilichobaki leo kipo ndani ya bahasha, hakipo kwenye picha. Kijana, mwambie mtoto wa jirani amwage vidonge kwenye sahani safi, kavu, avipange kumi kumi. Kila dawa peke yake, asichanganye. Na muulize mama kama ameshameza vya asubuhi.

Kijana wa Barabara ya 12
Nimerudi. Mama amemeza vya asubuhi. Bahasha ya pili ya metfomini anasema haikumbuki, ila mkoba uko kwa dada yangu Muheza. Metfomini zimebaki 31. Wamehesabu mara mbili. Amlodipini zimebaki kumi nzima na nusu moja.

Nilimuuliza "mama unameza vingapi," akanijibu "kama walivyosema." Nikasema walisemaje? Akasema "we mtoto unaniuliza kama polisi."

Mgosi wa Pongwe
Mama wa Kitanga huyo, hana haja ya kupimwa 😂

Hesabu Tupu
Haya, sasa tuna data. Zilitoka 60, zimebaki 31, zimetumika 29. Kuanzia jioni ya tarehe 3 mpaka asubuhi ya leo ni mikupuo 18: mmoja wa tarehe 3, kumi na sita ya tarehe 4 mpaka 11, na mmoja wa leo. Kama ni kimoja kimoja, zingetumika 18, zingebaki 42. Kama ni viwili viwili, zingetumika 36, zingebaki 24.

31 haipo kwenye jibu lolote. Iko katikati.

Shangazi Chumbageni
Anasahau. Nani hasahau? Anatakiwa vinne, siku nyingine anameza viwili.

Hesabu Tupu
Shangazi, 29 ni witiri. Anayemeza viwili viwili, hata asahau mara mia, kilichotumika lazima kiwe shufwa. Kuna mahali amemeza kimoja.

Fundi Picha
Au kimoja kimeanguka chini ya kabati. Au hazikuwa 60, zilikuwa 59 au 61. Mtu wa dirishani naye anahesabu na foleni imefika nje.

Kaunta ya Dawa
Kabla hamjaendelea, angalieni dawa ya presha, kwa sababu inatuambia kitu. Kwenye bahasha ni 1/2 OD, yaani nusu kidonge mara moja kwa siku. Vidonge ni vya miligramu 10, daktari anataka 5, basi anakata. 15 zikikatwa ni nusu 30, siku 30. Alianza tarehe 4. Mpaka leo ni siku tisa, nusu tisa, yaani vidonge vinne na nusu. 15 toa nne na nusu ni kumi na nusu.

Ndicho alichonacho. Kamili.

Mzee Nahodha
Niulize bila kuchekwa. Hiyo 1/2 kwa nini isiwe "kimoja kila siku mbili"? Maana umesema mstari una maana yake.

Kaunta ya Dawa
Swali zuri mzee. Muda wa dozi chini ya mstari unakuwa na 7, 52 au 12. 2 haimo. Ila umegusa jambo: nusu kila siku na kimoja kila siku mbili vinatumia vidonge sawa, kwa hiyo kwa kuhesabu vilivyobaki tu usingegundua haraka anayefanya hivyo. Hapa kilichotusaidia ni ile nusu kwenye bahasha, anakata kweli. Muulizeni tu kama kidonge kina mstari katikati, asiwe anapata kipande kikubwa leo na kidogo kesho. Na ujanja wa kukata usihamie kwenye dawa nyingine bila kuuliza. Zile zinazoachilia taratibu mwilini, nifedipini ritadi kwa mfano, au metfomini yenye SR kwenye jina, hazikatwi.

Kijana, na dukani ukinunua mwenyewe angalia. Wakikupa amlodipini za miligramu 5, nusu haipo tena. Ni kimoja kizima, na 15 ni siku 15.

Hesabu Tupu
Basi mama hasahau! Mtu asiyekosa nusu hata moja kwa siku tisa hawezi kuwa anaruka metfomini hovyo. Mimi nasema walimwambia viwili asubuhi, kimoja jioni, wakati wa kumpandisha dozi.

Mgosi wa Pongwe
Hesabu basi, si ndiyo jina lako.

Hesabu Tupu
Jioni ya tarehe 3 kimoja, siku nane vitatu vitatu ni 24, leo asubuhi viwili. Jumla 27. Zingebaki 33. Zinakosekana mbili. Karibu lakini siyo.

Shangazi Chumbageni
Mnajua hesabu, tumbo hamlijui. Ile metfomini mimi nilianzishiwa nikakimbia chooni wiki nzima. Presha haimsumbui ndiyo maana anameza. Ya sukari ikimchafua tumbo anapunguza kimoja kimyakimya, na hawezi kumwambia mwanawe wa kiume. Mwanangu muulize kama anameza na chakula au tumbo tupu.

Fundi Picha
Na mimi niongeze. Mama wa pale Ngamiani, Jumatatu na Alhamisi hafungi? Tarehe 6 na 9 hizo. Akifunga anaruka vya asubuhi.

Kijana wa Barabara ya 12
Fundi umejuaje? Anafunga Alhamisi. Jumatatu sina hakika.

Fundi Picha
Mama yangu pia 🙂

Hesabu Tupu
Viwili viwili akiruka mikupuo miwili ni 32. Bado shufwa. 29 inanitesa.

Kaunta ya Dawa
Iache ikutese. Shangazi anaweza kuwa sahihi, Fundi pia, na kuna la tatu hamjalitaja: jirani mwenye sukari aliyeishiwa akaazimwa vichache. Uswahilini kwetu dawa zinaazimana kama chumvi. Kutoka Mwanza hutalijua hilo kwa picha.

Lakini swali la kijana lilikuwa ni lini. Hilo tunaweza. Zimebaki 31, bado mkupuo wa leo jioni. Akimeza vinne kwa siku, anakwenda mpaka usiku wa tarehe 19 na kinabaki kimoja. Akimeza viwili kwa siku, anakwenda mpaka usiku wa tarehe 27. Kliniki ni tarehe 31. Kwa njia yoyote hazifiki. Hela usisubiri mwisho wa mwezi.

Presha yeye anafika. Nusu 21, kuanzia kesho asubuhi, mpaka tarehe 2 Novemba.

Kijana wa Barabara ya 12
Asante sana mkuu. Sasa nimwambie ameze vingapi? Naogopa kumwambia vinne kama ni viwili.

Kaunta ya Dawa
Usimbadilishie kitu kwa kusoma picha, wala mimi sithubutu. Jioni ya leo ameze kama alivyokuwa anameza, na chakula. Asifidie alivyoruka. Kesho Jumatatu mtu aende na bahasha zote mbili na kadi ya kliniki pale pale zilipotolewa, aulize mambo mawili: dozi iliyoandikwa na daktari siku ile, na kama kuna vidonge 60 anavyodai. Kwenye kadi dozi huandikwa kwa miligramu. Ukikuta "500mg BD" ni kimoja mara mbili, ukikuta "1g BD" ni viwili mara mbili.

Na kama ana jasho la baridi, anatetemeka au anachanganyikiwa, msingoje kesho.

Kijana wa Barabara ya 12
Yuko vizuri, ametoka kunigombeza sasa hivi. Kadi ninayo picha ya zamani kwenye simu, ya Septemba. Imeandikwa "500mg BD".

Hesabu Tupu
HAPO! 1x2. Nilisema.

Fundi Picha
Ya Septemba hiyo. Dawa ni za Oktoba. Na mkuu amesema huwa wanapandisha.

Hesabu Tupu
Na kwa nini ameze 29 kama ni 1x2? Zingekuwa 18.

Mgosi wa Pongwe
Sasa unajipinga mwenyewe kama bahasha.

Shangazi Chumbageni
Mwanangu mimi niko Chumbageni, mchana wa kesho nina safari ya Ngamiani kufuata vitenge. Nitumie namba ya huyo mtoto wa jirani faragha, nitaongozana na mama mpaka dirishani. Mwanamke kwa mwanamke ataniambia la tumbo.

Kijana wa Barabara ya 12
Shangazi Mungu akubariki. Nimekutumia. Ila dirisha la dawa mchana foleni, nenda asubuhi.

Mzee Nahodha
Na mimi kesho nitamwaga bahasha zangu kwenye sahani. Kuna moja imeandikwa TDS, nimekuwa nikiimeza jioni tu.

Kaunta ya Dawa
Mzee! TDS ni mara tatu kwa siku. Dawa gani hiyo?

Mzee Nahodha
Picha naituma. Taa nimezima.